MPIRA MZITO NA MPIRA MWEPESI

Leo tutachora mpira unaodunda. Chukueni daftari dogo, penseli na rula yenye milimita.

Wafikirieni vijana wachezao mpira ufukweni Ujiji. Mpira mkavu uliojaa upepo ukianguka, huruka juu tena. Lakini mpira wa ngozi uliolowa maji ya ziwa huanguka kwa kishindo, ukainuka kidogo tu. Je, tutauonyeshaje uzito huo kwa penseli?

Katika sinema, picha 24 hupita kila sekunde. Wachoraji wengi huonyesha kila mchoro mara mbili, kwa hiyo michoro 12 yatosha sekunde moja. Sisi tutapindua kurasa kwa kidole gumba, kama kurasa 12 kwa sekunde.

Mpira ukiachwa kutoka kimo cha mita 1.2, hufika chini kwa nusu sekunde, yaani michoro 6. Piga mstari wa ardhi, upime milimita 72 juu yake. Hapo weka mpira wa kwanza. Anza ukurasa wa mwisho wa daftari ukija mbele, ili mchoro wa chini uonekane kwa kufifia.

Sasa shusha mpira milimita 2, kisha 6, kisha 10, 14, 18 na 22. Jumla ni 72. Angalia: juu michoro imesongamana, chini imeachana, kwa sababu kitu kiangukacho huongeza mwendo. Mwenye kuweka nafasi sawasawa ataona mpira wake ukishuka kama ndoo ya kisimani iliyofungwa kamba.

Mipira yote miwili huanguka karibu sawa. Tofauti huonekana baada ya kugonga ardhi. Mpira mzito uinue milimita 10, kisha 6, kisha 2. Ndipo uushushe 2, 6 na 10. Umepanda milimita 18 tu, robo ya kimo cha kwanza, kwa michoro 6. Baada ya hapo uache utulie.

Mpira mwepesi uinue 18, 14, 10, 6 na 2, yaani milimita 50, kisha uushushe kwa hesabu ile ile kinyume. Hiyo ni michoro 10. Mdundo ufuatao uwe wa milimita 32, na mingine izidi kupungua.

Jihadharini: mdundo mfupi hutaka michoro michache. Ukiupa mpira mzito michoro 10 kwa milimita 18, utaelea kama puto, na uzito wote utapotea.

Puto lenyewe lina kanuni yake. Hewa hulizuia, basi baada ya hatua mbili za kwanza nafasi zake huwa karibu sawa, nayo michoro huwa mingi.

Zoezi: choreni mipira yote miwili. Mpeni jirani apindue kurasa bila kumwambia neno, kisha mwulizeni upi umelowa maji. Akikosea, pimeni tena nafasi zenu.

Kwaherini.