Fizi: Kompyuta ndogo yaandika joto la motere, lakini saa yake yadanganya

Kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Fizi-Centre barabara inapanda, na motere inapata joto. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaweza kuandika joto hilo safari nzima. Adapta ya ELM327 inachomekwa chini ya usukani, kompyuta inatuma `0105`, gari linajibu. Jibu likiwa `41 05 7B`, 7B ni 123. Ukitoa 40, maji ya motere yana digrii 83.

Tatizo ni saa. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, zinapata wakati kwenye mtandao. Mtandao ukikosekana, kompyuta inaendelea na saa ya mwisho iliyohifadhi. Basi safari ya Jumanne inaonekana imeanza dakika chache tu baada ya ile ya Jumatatu, na fundi anashindwa kujua motere ilichemka siku gani.

Dawa ni kuifungia saa ya DS3231, yenye betri yake. Lakini magari ya zamani yasiyo na tundu la adapta hayasaidiwi na chombo hiki.