Vidonge viwili vilipozidi

Mama yetu alikuwa akitumia amlodipini ya miligramu 10 kwa ajili ya shinikizo la damu, kidonge kimoja kila asubuhi. Mwezi mmoja tukaambiwa dukani kuwa vidonge hivyo vimekwisha, vimebaki vya miligramu 5. Mfamasia aligawanya 10 kwa 5, akapata vidonge viwili kwa siku, akatupa vidonge 60 vya kutosha siku 30. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa letu, na lilitokea mwezi uliofuata. Vidonge vya miligramu 10 vilirejea, nasi kwa mazoea tukaendelea kumpa viwili. Akawa anameza miligramu 20, maradufu ya kiwango cha juu cha mtu mzima kwa siku. Miguu ikamvimba, na kila alipoinuka kutoka katika sijida alipata kizunguzungu. Tulidhani ni uzee. Kilichotuzindua ni vidonge 30 kumalizika siku ya 15, tukamkimbiza kwa daktari.

Tangu hapo tunaandika juu ya boksi miligramu za siku nzima, wala si idadi ya vidonge peke yake. Boksi la zamani nalo hatuliweki pamoja na jipya.

Aliyeandikiwa miligramu 5 akakuta za 10 tu, amuulize mfamasia kwanza iwapo kidonge hicho chakatika, hasa kikiwa na mstari katikati. Vile vinavyotoa dawa polepole, kama metformini ya aina hiyo, visikatwe wala kusagwa: dawa ya siku nzima yaweza kumwagika mwilini kwa mkupuo mmoja.