Shati Moja, Hesabu Tisa

Mteja amelipia shati jeupe, saizi L. Duka la mtandaoni lilikuwa linaonyesha mashati 24. Muuzaji anapekua boksi lake: 24 yamo kweli, ila jeupe la L halimo hata moja. Anampigia simu. "Dada samahani, nikupe la bluu?" Dada anataka hela yake.

Mwenye duka hili hakukosea kuhesabu. Alikosea mahali pa kuiandika hesabu. Shati hilo lina rangi tatu na saizi tatu, kwa hiyo mzigo wake ni mafungu tisa: jeupe M manne, L sifuri, XL matatu, la bluu mawili, matano na moja, jeusi matatu, manne na mawili. Jumla ndiyo hiyo 24, lakini hakuna mteja anayevaa jumla.

Wengine hukimbilia kuliweka shati hilo mara tisa kama bidhaa tisa. Hesabu inakaa sawa, lakini mteja anateleza na picha zilezile hadi anachoka. Afadhali ukurasa mmoja, achague rangi, kisha saizi, na kila mchanganyiko ubebe idadi yake.

Kwa wanaotumia WooCommerce, bidhaa hiyo huwekwa kuwa `Variable product`. Unaandika rangi na saizi kwenye `Attributes`, unatia tiki `Used for variations`, halafu kwenye `Variations` unatengeneza michanganyiko yote tisa. Mtego uko kwenye kisanduku cha kufuatilia hesabu. Kisanduku hicho kipo sehemu mbili: kwenye bidhaa nzima kama `Track stock quantity for this product`, na ndani ya kila mchanganyiko kama `Manage stock?`. Ukitia tiki kule juu tu na kuandika 24, mafungu yote tisa yanachota kwenye ndoo moja, na jeupe la L litaendelea kuuzwa. Ingia katika kila mchanganyiko, utie tiki, uandike idadi yake, hata kama ni sifuri.

Ndoo moja si kosa siku zote. Kama unauza shati lilelile na chaguo ni rangi ya uzi wa kutarizi jina la mteja, mzigo ni mmoja kweli, na hesabu ya pamoja ndiyo sahihi.

Kujua umepatia au la, jiagizie mwenyewe jeusi la M, uchague kulipa mzigo ukifika. Rudi ndani utazame: jeusi la M limebaki mawili na mengine hayajaguswa? Sawa. Ikiwa iliyoshuka ni 24 kuwa 23, bado uko kwenye ndoo. Ukishaona, futa oda kwa kuiweka `Cancelled`, na shati litarudi kwenye hesabu.

Linalobaki ni la dukani. Jirani akija kununua la bluu la XL mkononi, lile moja pekee, sifuri iandikwe kabla hajatoka mlangoni.