Povu Gumu Mno Huvunja Televisheni

Ndani ya katoni ya televisheni, kona za kifaa hushikwa na povu jeupe la polistirini. Mita moja ya ujazo ya polistirini isiyo na hewa ina uzani wa kilo 1,050 hivi. Ya povu hilo mara nyingi ni kilo 20. Plastiki basi ni kama asilimia 2 tu, na iliyobaki ni hewa iliyofungiwa katika vijumba vyenye kuta nyembamba mno. Sehemu hiyo ya plastiki huitwa densiti linganifu.

Povu likibanwa, kuta na kingo za vijumba hupinda kuliko zinavyofupika. Shika rula ya plastiki: kuivuta irefuke huwezi, kuipinda vidole viwili vinatosha. Kwa hiyo ukipunguza plastiki kwa nusu, povu hulegea zaidi ya nusu. Lorna Gibson na Michael Ashby, katika kitabu chao cha mwaka 1988, walieleza kwamba ukakamavu hufuata kipeo cha pili cha densiti linganifu, kwa hiyo hushuka hadi robo. Nguvu ya kuanza kuporomosha vijumba hufuata kipeo cha 1.5, nayo hushuka hadi asilimia 35 hivi. Vijumba vilivyofungwa huigeuza kanuni hii kidogo, maana kuta zake pia huvutika, ila kwa makadirio inafaa.

Vijumba vikishaanza kuporomoka, povu huendelea kubonyea bila mgandamizo kupanda sana. Hapo ndipo nishati ya kuanguka inapomezwa. Kuta zikigusana, mgandamizo hupaa ghafla.

Tuchukue televisheni ya kilo 10 inayoanguka kutoka sentimita 80, isiyovumilia nguvu inayozidi uzito wake mara 50. Ili isimame bila kuvuka kiwango hicho, povu libonyee kama sentimita 1.6, yaani 80 kugawanya kwa 50. Tukilitumia hadi nusu ya unene wake, tunahitaji sentimita 3.2. Povu likiporomoka kwa kilo 1.5 kwa kila sentimita mraba, nguvu ya kilo 500 inadai eneo la sentimita mraba 333 hivi, karibu 18 kwa 18.

Sasa mtu aongeze densiti maradufu akidhani analinda zaidi. Nguvu ya kuporomoka hupanda mara 2.8, na televisheni hupigwa kwa karibu mara 140 ya uzito wake. Kioo hupasuka huku povu likiwa na alama ndogo tu. Densiti ikiwa nusu, povu hulalia kabisa kabla ya kumaliza nishati, na kifaa hugonga chini.

Kwa hiyo baada ya ajali litazame povu kwanza. Kama halikubonyea, lilikuwa gumu mno. Kama limesagika lote, lilikuwa laini au jembamba mno. Na lililokwisha kubonyea lisifungiwe mzigo mwingine: kuta za polistirini hazirudi zilivyokuwa. Mzigo utakaoangushwa mara nyingi hufungwa kwa povu la poliethilini, linaloinuka tena kwa kiasi kikubwa.