Sababu gani shambrere haiyeyuki juani?

Utomvu wa mpira ukikauka peke yake hautufai sana: juani unalainika na kunata, kwenye baridi unakuwa mgumu na kupasuka. Wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walipata dawa yake zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Walichanganya utomvu na maji ya mmea mmoja unaotambaa, njo wakatengeneza mipira ya kuchezea na kanda za kufungia shoka kwenye mpini.

Mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa, kisha ukapata moto, unakomaa. Salfa inashika nyuzi za mpira kama mafundo ya wavu: ukivuta zinavutika, lakini haziachani. Baadaye matairi yakahitaji mpira mwingi, na hapa Kongo, wakati wa Mfalme Leopold, wazee wetu walilazimishwa kuutafuta porini.

Mafundo hayo hayafunguki tena kwa moto. Njo maana shambrere ya kinga ikitoboka, tusijaribu kuiyeyusha ili tuzibe tundu. Itaungua tu na kunuka, haitaungana.

Tukwangue vizuri kuzunguka tundu, tupanguse vumbi, tupake gundi nyembamba na kungoja mpaka isilowanishe kidole. Hapo tu tubandike kiraka na kukikandamiza. Kiraka kikibanduka kizima, mara nyingi hatukukwangua vya kutosha, ao gundi ilikuwa bado mbichi.