Mbao Ziagizwe Kabla ya Lenta

Katika ujenzi wa darasa, kamati ya ujenzi hujiuliza maswali mawili kwa kila kazi: inasubiri nini, na kazi zipi zinaisubiri? Paa husubiri lenta iliyokomaa na kenchi zilizo tayari. Zege la lenta humwagiliwa maji kwa siku 7 hivi, na muda huo haufupishwi kwa kuongeza mafundi. Mbao zikiagizwa baada ya hapo, paa hukwama, na pamoja nalo dari na plasta ya ndani. Kwa hiyo ununuzi wa mbao huanza msingi ungali unachimbwa, na siku za kumwagilia seremala huunganisha kenchi chini. Vibarua wasio na kazi hupelekwa kuchimba shimo la choo, ambalo halisubiri lenta.