Risala ya Kumuaga Mtunza Majalada

Katika utumishi wa umma Tanzania, mfanyakazi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55. Akifika 60, kwa kawaida ni lazima. Ndipo wenzake huagiza keki, hukodi spika na kumsukumia mmoja wao kazi ngumu: kuandika risala.

Risala nyingi huharibika mapema. Msomaji huanza na tarehe ya kuajiriwa, akapita cheo baada ya cheo, na wali unapoa.

Tuseme anaagwa mtunza kumbukumbu wa masjala ya halmashauri. Wote wanajua hatoi jalada bila saini kwenye daftari, hata kwa bosi mwenye haraka. Mwandishi hodari huanzia hapo: "Mzee wetu, leo unatoka moja kwa moja. Tunaomba usaini daftari." Ukumbi utacheka, yeye akiwa wa kwanza.

Shukrani hutokana na utani huohuo. Yupo mwalimu aliyekwama kupanda daraja kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa kazini haikuonekana. Daftari likafunguliwa, ikajulikana jalada lilichukuliwa na nani, na barua ikapatikana. Tukio moja la namna hiyo linashinda "mchapakazi" na "mwadilifu" kumi.

Utani wa maradhi, pombe na ndoa uachwe. Wa mafao pia, hasa kama bado hayajaingia benki.

Unayeandika risala wiki hii, msomee kwanza mtu wa karibu na mstaafu. Asipocheka ulipotarajia, futa.